La Tatu Huchukua Siku Mbili

Madam Beth alikuwa ameshakaa nyuma ya pikipiki, begi mapajani, mkono mmoja umeshika tumbo, na bado alikuwa anafundisha.

"Swali la kwanza watalipata wote, Mzee. Usidanganyike na hilo."

"Sidanganyiki."

"La tatu ndilo lenyewe. Usilipite kabla halijawaingia. Hata kama—"

"Madam," mwenye pikipiki akasema, "gari la Embu halina ujamaa na mtu."

"Ngoja wewe. Hata kama mtu anakuharakisha, Mzee. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Pikipiki ikateremka kuelekea sokoni Ishiara, yeye akageuza shingo akaniangalia mpaka kona ya mti wa mkau ikamfunika. Nikabaki langoni mwa shule na karatasi zake mkononi.

Alikuwa anakwenda kupasuliwa uvimbe wa tumbo la uzazi. Siku ya kupasuliwa ilikuwa imeahirishwa mara mbili, na alijua akiikosa ya tatu hataitwa tena mwaka huo. Bahati mbaya ni kwamba Ijumaa ya wiki hiyo bodi ya shule ingekaa kuamua ni walimu gani wa mkataba watabaki na nani ataachwa. Beth Kanini alikuwa mwalimu wa mkataba mwaka wa sita, akifundisha hesabu Gredi ya Sita. Asingekuwepo kujitetea. Alikuwa ameniambia waziwazi asubuhi ile katika ofisi ya walimu: "Wakikuta darasa limesimama, nimekwisha. Wakikuta linakwenda, hawana la kusema."

Mimi kazi yangu ilikuwa hiyo tu, darasa liende.

Sina cheti cha ualimu. Masomo yangu niliyaokota huku na huku: darasa la saba Mikinduri, kidato cha kwanza na nusu Isiolo, mengine ngumbaro nikiwa na mvi. Lakini nimeshikilia madarasa mengi ya watu waliougua, waliojifungua, waliotoroka, na mwalimu mkuu wa hapo, Bwana Njagi, alinijua tangu zamani. Aliponipigia nikiwa kwa dada yangu Laare nilipanda gari siku hiyohiyo. Sijawahi kukaa mahali nikakataa kuitwa pengine.

Karatasi zilikuwa za aina mbili. Ya kwanza ilikuwa ya marudio ya akisami, maswali sita, nakala thelathini na nane. Ya pili ilikuwa kurasa mbili zilizochanwa kwenye daftari la miraba, zimejaa mwandiko wa Beth mbele na nyuma. Hiyo ilikuwa yangu. Nimesoma maagizo mengi ya walimu wanaoondoka. Mengi husema, Fanya ukurasa wa arobaini, wakipiga kelele andika majina. Hii haikuwa hivyo. Iliandikwa hivi:

"Mzee, salamu. Swali la 1, nusu na robo. Watapata wote kwa sababu dukani wanatumwa nusu ya sukari na robo ya mafuta kila siku. Hiyo si akisami, hiyo ni kuzoea. Hakuna duka hapa linalouza thuluthi.

"Swali la 2, thuluthi na humusi ipi kubwa. Watasema humusi, kwa sababu tano inashinda tatu. Waulize kama mkate ni mmoja, wangependa wagawane watatu au watano.

"Swali la 3, nusu jumlisha thuluthi. Wataandika mbili juu ya tano, yaani wamejumlisha juu na juu, chini na chini. Usiwachoree duara. Duara ni gumu kugawa kwa tatu, watabishana na mchoro badala ya hesabu. Nimekuachia vipande vya karatasi kwenye kabati, vyote urefu mmoja. Wakunje. Wakichana vyao wenyewe havitalingana na utapoteza kipindi. Halafu mtu atauliza habari ya alama za mtihani. Huenda ni Njoki. Usimnyamazishe, ana haki ya kuuliza. Jibu ni hili…"

Na jibu akaliandika. Akaendelea hivyo mpaka la sita: watakapokopa, watakapoishia katikati, watakaposahau neno moja. Mwisho kabisa: "Ukiona wanakosea, usiogope. Wanakosea mahali pao."

Saa ya chakula nilikaa chini ya upenu wa stoo nikayafanya maswali yote sita kabla ya kuangalia majibu. Si kwamba nilikuwa na wasiwasi. La sita lilisema: Mkulima aliuza thuluthi ya magunia yake ya ndengu asubuhi, mchana akauza nusu ya yaliyobaki. Ni sehemu gani ya magunia yote haikuuzwa? Nikajumlisha thuluthi na nusu, nikapata sudusi tano, nikasema imebaki sudusi moja. Nikageuza karatasi ya Beth. Ameandika: "Wengi watasema sudusi moja. Hawajaona neno 'yaliyobaki'. Nusu si ya magunia yote, ni nusu ya zile thuluthi mbili. Imebaki thuluthi moja. Wachoree mstari, wafute kwanza kilichouzwa asubuhi, ndipo wakate nusu."

Nilianguka palepale aliposema mtu ataanguka, na mimi nina miaka sitini na nane. Nikacheka peke yangu. Nikaikunja ile karatasi kwa heshima nikaitia mfuko wa shati.

Jumanne ilikuwa kama alivyoandika. La kwanza wote thelathini na nane walipata, wakajipigia makofi. La pili wakasema humusi. Nikawagawia mkate wa maneno, wakarudi. La tatu nikazunguka madawati nikahesabu: thelathini na mmoja wameandika mbili juu ya tano.

"Haya," nikasema. "Ulikuwa na nusu ya chapati. Nimekuongezea thuluthi. Sasa una humusi mbili. Umeongezeka au umepungua?"

Mvulana wa nyuma akasema, "Umeniibia, Mwalimu."

Darasa likaangua kicheko. "Chapati ya Mmeru!" mwingine akaitikia, akinitania kwa kabila langu, na mimi nikawaacha wacheke, maana walikuwa wameona. Humusi mbili ni ndogo kuliko nusu. Jibu limekuwa dogo kuliko kilichowekwa.

Hapo Njoki akasimama. Msichana mrefu, sweta limemfupia mikono, mkaidi. "Mwalimu, kwani mtihani je?"

"Mtihani gani?"

"Mtihani wa kwanza nilipata kumi na nne juu ya ishirini. Wa pili kumi na nane juu ya thelathini. Kwa ripoti mkaandika thelathini na mbili juu ya hamsini. Mlijumlisha juu na juu, chini na chini. Nyinyi mkifanya ni sawa, sisi tukifanya ni makosa?"

Wenzake wakapiga meza. Kusema kweli, kama nisingekuwa na ile karatasi ningemwambia akae. Ningesema, hesabu ni hesabu, mtihani ni mtihani. Nimewaambia watoto wengi hivyo, kuanzia Laare mpaka Garba Tulla, na hakuna aliyeniuliza tena.

Nikafuata alivyoandika Beth. "Njoki, mtihani wa kwanza ulikuwa na maswali mangapi?"

"Ishirini."

"Wa pili?"

"Thelathini."

"Ukiyachanganya?"

"Hamsini."

"Basi kitu kizima kimekua. Kilikuwa ishirini, sasa ni hamsini. Hayo ni mafungu mawili yamemwagwa pamoja. Sasa chapati. Nusu ya chapati na thuluthi ya chapati hiyohiyo. Je, chapati imekua?"

Akafikiri. Niliona mdomo wake ukihesabu. "La. Ni ileile moja."

"Basi chini huwezi kujumlisha. Chini inakuambia chapati imekatwa vipande vingapi. Hatujapika nyingine."

"Sasa tutajumlishaje, na vipande havilingani?"

"Hilo ndilo swali," nikasema, na kengele ikalia.

Jumatano tukakunja. Kipande kimoja nusu, kingine thuluthi, cha tatu kikunjwe sehemu sita. Wakaweka juu ya meza, wakasukuma, wakapima. Nusu ikalala juu ya sudusi tatu. Thuluthi ikalala juu ya sudusi mbili. "Tano!" wakaanza kuita mmoja baada ya mwingine, "sudusi tano!" na darasa lilikuwa na kelele ile nzuri ambayo ukiwa nje hujui ni nzuri.

Bwana Njagi alikuwa nje.

Aliingia, watoto wakasimama, vipande vya karatasi vikaanguka sakafuni. Akatazama ubao, akatazama daftari la kwanza lililokuwa karibu. "Mzee Mutuma, njoo hapa nje kidogo."

Tukasimama kwenye varanda. Alikuwa mtu mpole akisema na wazazi, lakini na walimu wa mkataba alisema kama mtu anayepima mbwa wa kununua.

"Hii karatasi ya marudio ulianza lini?"

"Jana."

"Leo uko swali la ngapi?"

"La tatu."

"La tatu! Kati ya sita. Siku mbili. Hayo ni marudio, Mzee, si kuanza upya. Watoto wanachezea karatasi kama chekechea. Nilikuita nikijua wewe ni mtu wa kazi. Sasa nikuulize, unapoteza wakati kwa sababu hujui, au kwa sababu umezeeka?"

Hapa ndipo nilipokosea, na nitasema jinsi ilivyokuwa. Maneno yale yaliniuma. Nilikuwa nimelala vizuri siku mbili katika chumba cha walimu, na nilikuwa nimeanza kufikiri labda Njagi ataniambia nikae mpaka mwisho wa muhula. Sikutaka kurudi Laare nikaulizwe na shemeji yangu kama nimefukuzwa tena. Mkono ukaenda kwenye mfuko wa shati wenyewe.

"Si mimi, Mwalimu Mkuu. Ni maagizo ya mwenyewe. Tazama. Ameandika nisilipite la tatu."

Akaichukua. Akasoma upande wa kwanza akiwa amekunja uso. Aligeuza upande wa pili uso umekunjuka.

"Ameandika yeye mwenyewe haya?"

"Kwa mkono wake."

"Vizuri," akasema. Akaikunja, akaitia mfuko wake. "Endelea, Mzee. Endelea kama ulivyokuwa."

Nikamwambia bado naihitaji, sijafika la nne. Akasema atanirudishia. Nikarudi darasani nikijiona nimetoka salama.

La nne nikalifundisha kwa kukumbuka. Tatu na robo, toa moja na robo tatu. Nilikumbuka alisema watakopa kumi badala ya robo nne, kwa sababu kukopa wanakokujua ni kwa kumi. Ikawa hivyohivyo: wakakopa moja, wakaibandika mbele ya ile moja ya juu, ikawa kumi na moja, wakatoa tatu, wakapata moja na robo nane. Nikawauliza robo nane ni ngapi. Wakasema mbili. Moja na mbili? Tatu. "Ulikuwa na tatu na robo, ukatoa karibu mbili, umebaki na tatu?" Wakajishika vichwa. Tulipokopa robo nne, ile robo moja ikawa tano. Robo tano toa robo tatu, mbili. Mbili toa moja, moja. Moja na nusu.

Jioni Beth akapiga simu kutoka wodini. Sauti ilikuwa ya mtu asiyekula tangu jana.

"Wameshika la tatu?"

"Wameshika. Waliokosa jana thelathini na mmoja, leo tisa."

"Tisa!" Akacheka kidogo, akasema aii kwa sababu ya tumbo. "Na Njoki aliuliza?"

"Aliuliza."

"Nilijua. Huyo mtoto anasumbua vizuri. Na karatasi yangu ilikusaidia?"

"Sana."

Ningemwambia. Nafasi ilikuwepo. Alikuwa anaingizwa kwa daktari kesho yake asubuhi, nikajiambia mgonjwa hapewi habari. Hiyo ilikuwa sababu nzuri, na nilifurahi kuwa nayo.

Ijumaa bodi ilikaa katika ofisi ya walimu. Watu saba, soda, mandazi. Mwenyekiti alikuwa Mugendi, mnunuzi wa ndengu na maembe, mtu mkubwa, mwenye kusema polepole. Shule nzima ilijua kwamba mke wa mwanawe, Maxine, alikuwa amemaliza chuo cha ualimu mwaka uliopita na alikuwa nyumbani. Mimi sikujua. Gladys, mwakilishi wa wazazi, ndiye aliyeninong'oneza nilipoitwa, tukiwa mlangoni: "Mzee, chunga mdomo leo. Kuna kiti kinatafutiwa mtu."

Kuchunga mdomo sikujui.

Mugendi alikuwa na karatasi ya Beth mezani, imenyooshwa, chupa ya soda imewekwa juu isipeperuke.

"Mwalimu Mutuma, karibu. Hii unaijua?"

"Naijua."

Akaisoma kwa sauti. "'Watasema humusi.' 'Wataandika mbili juu ya tano.' 'Wengi watasema sudusi moja.'" Akavua miwani. "Mimi sikusoma sana. Lakini hapa naona mwalimu anajua watoto wake watakosa la pili, la tatu, la nne, la tano na la sita. Amewafundisha muhula mzima. Alikuwa anafundisha nini?"

Watu wawili wakacheka. Njagi alikuwa anaandika kumbukumbu, hakuinua kichwa.

"Niulize mgeni wetu. Walikosa kweli?"

"Walikosa, lakini—"

"La tatu walikosa wangapi?"

"Thelathini na mmoja. Jumanne. Mwenyekiti, Jumatano walikosa tisa tu."

Nilidhani nimemwokoa. Mugendi akaegemea kiti, akawatazama wenzake mmoja mmoja.

"Mnasikia? Mzee asiye na cheti, kwa siku mbili, amefanya alichoshindwa Beth muhula mzima."

"Nilifuata karatasi yake," nikasema. "Neno kwa neno. Bila hiyo hata mimi nilikosa la sita."

"Unyenyekevu ni mzuri, Mzee wangu."

"Si unyenyekevu. Kila mtoto duniani hukosa la tatu. Yeye ndiye anayejua kwa nini."

Gladys akaingilia. "Mwenyekiti, mkunga akikuambia mtoto amekaa vibaya tumboni, ni yeye amemkalisha?"

"Mama Gladys, hapa si hospitali."

"Na aliyeko hospitali hayuko hapa kujibu!"

"Ndiyo maana tuna maandishi yake," Mugendi akasema, na akagonga karatasi kwa kidole. "Mwalimu Mutuma, asante. Chukua andazi."

Nikachukua. Sijui kwa nini nilichukua. Nililila nikiwa nimesimama kwenye varanda, nikasikia ndani wakihesabu mikono.

Beth alirudi baada ya wiki mbili na nusu kuchukua vitu vyake: chati mbili, rula kubwa ya ubao, kikombe. Alitembea ameinama kidogo. Mimi nilikuwa bado pale, namalizia siku zangu. Alinikuta darasani watoto wakiwa uwanjani.

"Ulimpa wewe?"

"Nilimpa."

"Aliichukua kwa nguvu?"

"La. Alisema napoteza wakati. Nikamwonyesha si mimi."

Akaweka rula kwenye meza, akaipanga na ukingo wa meza mpaka ikanyooka. "Ulikuwa swali la ngapi?"

"La tatu."

"La tatu huchukua siku mbili," akasema. "Kila mwaka."

"Madam Beth, nilisema mbele yao kwamba—"

"Niliambiwa ulichosema. Thelathini na mmoja, tisa." Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Ulihesabu vizuri, Mzee. Hilo tu ungelinyamazia, ningekuwa na kazi."

Akabeba vitu vyake. Nilitaka kumshikia rula, akasema daktari amemkataza kubeba vizito, si vyepesi.

Maxine alianza Jumatatu iliyofuata. Si mwalimu mbaya; ana sauti, na madaftari anasahihisha kwa wakati. Karatasi za marudio kama zile alizimaliza kwa kipindi kimoja kwa kuandika majibu ubaoni wanakili, na Njagi akazifungia kwenye faili kwa ajili ya wakaguzi. Njagi alihamishwa mwaka uliofuata, shule kubwa zaidi, karibu na Runyenjes. Mugendi bado ni mwenyekiti. Gladys hakuchaguliwa tena. Njoki alifanya mtihani wa mwisho wa gredi ya sita, akapata hesabu alama ya wastani, yuko sekondari ya chini hapohapo, nasikia haulizaulizi tena. Beth alikaa nyumbani miezi minne, akapata darasa la chekechea katika shule ya kanisa upande wa Siakago, anafundisha kuhesabu mpaka ishirini. Mimi Njagi hakuniambia nikae. Nilirudi Laare, shemeji yangu akaniuliza alichoniuliza, na mwezi wa tano nikaitwa Mikinduri kumshikilia mwalimu aliyevunjika mguu. Hakuwa ameacha maagizo yoyote. Nilifanya ukurasa wa arobaini.